Mnunuzi amegoma kwenye bei. Nataka kufidia kwenye usafiri, siku za malipo na ukubwa wa oda. Hesabu yangu imekaa sawa?

KatoniNaWino
Wakuu, habari za leo. Natengeneza katoni za kufungashia bidhaa, zile zinazochapwa chapa ya mteja. Nina mnunuzi mmoja anayechukua kama katoni 8,000 kwa mwezi. Karatasi imepanda, kwa hiyo nikampelekea bei mpya. Ili tusiingie kwenye mambo ya sarafu, tuiite bei ya zamani 100 kwa katoni na mpya 106. Gharama zangu zote, pamoja na riba ya mkopo ninaoutumia wakati nasubiri kulipwa, ni 97. Kwa 106 nabaki na 9, kwa 100 nabaki na 3, na 3 hiyo mashine ikiharibika mara moja imekwisha.

Afisa manunuzi wao alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Bei ni 100. Ukiniletea hata 101 sina pa kuipeleka." Hakuwa mkali. Niliona ni mtu ambaye kweli hana ruhusa.

Jana usiku nikakaa na daftari nikajiuliza: kwa mteja huyu, pesa inanitoka wapi mbali na karatasi? Analipa siku 60 baada ya ankara, na mimi mkopo wangu ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Akilipa siku 30 napata 1.5 kwa kila katoni. Anaagiza 2,000 kila wiki, na kila nikifunga pleti zake, kusafisha wino na kupoteza karatasi za majaribio zinanitoka 4,000. Hiyo ni 2 kwa katoni. Nikichapa 8,000 kwa mkupuo inashuka hadi 0.5, yaani nimeokoa 1.5 nyingine. Anataka mzigo ndani ya saa 48, kwa hiyo vijana wanakesha, na ovataimu inakula 1.2. Gari langu kumpelekea kila wiki ni 3,600 kwa safari, sawa na 1.8 kwa katoni.

Nikijumlisha 1.5 na 1.5 na 1.2 na 1.8 napata 6 kamili. Ile ile niliyoiomba kwenye bei. Nimefurahi, lakini naogopa hesabu inayotoka nzuri kupita kiasi. Wiki ijayo nakutana naye tena. Nisaidieni kuikagua kabla sijaingia.

Kata_Shauri
Mkuu, mteja akikuambia bei haipandi maana yake hakuthamini. Mimi ningemwandikia barua kwamba bei ni 106, akitaka abaki, asipotaka aende. Bei ni bei.

KatoniNaWino
Asante ndugu, ila swali langu si kama nimwache. Ana zaidi ya robo ya kazi yangu yote. Nauliza namna ya kubaki naye kwa 100 bila kufanya kazi ya bure.

PesaMbele
Kaka, wewe unazunguka mbali. Njia ya kupata pesa mapema inajulikana duniani kote: mpe punguzo la asilimia 2 akilipa ndani ya siku 10. Kwenye ankara inaandikwa `2/10 net 30`. Asilimia 2 ni kitu kidogo, mnunuzi yeyote mwenye akili ataikimbilia, na wewe unapata pesa yako papo hapo. Asilimia 2 haimuui mtu.

Mzani
PesaMbele, umegusa jambo la kweli, lakini asilimia 2 si kitu kidogo mpaka useme unanunua siku ngapi. Kwenye mfano wako angelipa siku ya 30, sasa analipa siku ya 10. Umenunua siku 20 kwa 2. Kwa mwaka ni hivi:

```
2/98 x 365/20 = 37.2%
```

Mwenzetu anakopa kwa asilimia 18 kwa mwaka. Afadhali aende benki kuliko kununua siku 20 kwa bei hiyo.

Sasa angalia kwa mteja wake halisi, ambaye leo analipa siku ya 60. Punguzo lile lile linanunua siku 50, na hesabu inakuwa:

```
2/98 x 365/50 = 14.9%
```

Hapo inakuwa chini ya riba ya mkopo wake, na anafaidika, ingawa ni kidogo: anaokoa riba ya 2.5, anatoa 2, inabaki 0.5. Kwa hiyo wazo lako kwake linaweza kufaa, ila si kwa sababu uliyoitoa.

Hata hivyo mimi nisingelitumia hapa, kwa mambo mawili. Kwanza, kuna wanunuzi wanaokata ile asilimia 2 na bado wanalipa siku ya 40, na wewe unaona aibu kumdai mteja mkubwa 2 kwa kila 100. Pili, mwaka ujao 98 ndiyo inakuwa "bei ya zamani". Punguzo linaingia kwenye kumbukumbu yao kama bei. Siku za malipo haziingii hivyo.

PesaMbele
Hiyo ya siku 50 sikuwa nimeifikiria. Lakini bado nasema pesa mkononi ni tofauti na pesa ya hesabu. Kuna mwezi benki hawakupi hata ukilia.

Mzani
Hapo hatubishani. Ambaye hana pa kukopa, riba yake halisi si ile ya benki, ni kile anachokikosa kwa kukosa mtaji. Mwenzetu ana pa kukopa, basi tutumie yake.

KatoniNaWino, nirudi kwako. Hesabu yako ni nzuri kuliko nyingi ninazoziona, maana watu wengi huingia kwenye kikao wakiwa na hasira badala ya namba. Lakini ina shimo moja. Umesema ukichapa 8,000 kwa mkupuo unaokoa 1.5. Je, atazichukua zote 8,000 siku hiyo hiyo? Au atazichukua 2,000 kila wiki kama kawaida, na zingine zilale kwako?

KatoniNaWino
Stoo yao ni ndogo. Alishawahi kuniambia hawawezi kuweka zaidi ya mzigo wa wiki moja na kidogo.

Mzani
Basi hiyo stoo ni wewe. Wiki ya kwanza umebaki na 6,000, ya pili 4,000, ya tatu 2,000, ya nne hakuna. Wastani wa mwezi ni katoni 3,000 zimelala kwako. Kila moja imefungia karatasi na kazi, tuseme 90. Hiyo ni 270,000 ya mtaji wako, na kwa asilimia 1.5 ni kama 4,050 kwa mwezi. Gawa kwa 8,000, unapata 0.5 kwa katoni. Kwa hiyo faida ya kuchapa kwa mkupuo si 1.5, ni 1.

Na hapo bado sijagusa hatari kubwa zaidi ya riba. Hizo ni katoni zenye chapa yake. Akibadilisha mchoro katikati ya mwezi, au akiongeza neno moja tu la onyo kwenye ubavu, 6,000 zote ni karatasi ya kuuza kwa kilo. Kitu kilichochapwa jina la mtu hakina mnunuzi mwingine.

KatoniNaWino
Hilo limeshawahi kunipata. Mteja mwingine, si huyu, alibadilisha nembo bila kunipa taarifa nikiwa na mzigo wa wiki mbili stoo. Nilikwenda na katoni moja mkononi kumwonyesha, akaniambia "lakini hatukukuagiza uchape zote". Na ni kweli, hakuniagiza. Nilichapa kwa kupima mwenyewe. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha.

Stoo_Kuu
Habari zenu. Mimi niko upande wa pili wa meza, ni mwaka wa kumi na moja nafanya manunuzi, na nyingi zilikuwa bidhaa za kufungashia. Naomba niseme yanayotokea upande wetu, maana naona mnamzungumzia afisa manunuzi kama vile ni mwenye kampuni.

Mimi napimwa kwa bei ya kipande. Mwisho wa robo mwaka inatolewa orodha: kipande hiki mwaka jana kilikuwa 100, mwaka huu ngapi. Ikiandikwa 101 natakiwa kueleza mbele ya watu. Gharama ya kuchukua mzigo kwa gari letu haionekani kwenye orodha hiyo. Siku za malipo hazionekani. Ukubwa wa oda hauonekani. Kwa hiyo kaka anapoambiwa "bei ni 100" asidhani kila kitu kimefungwa. Kimefungwa kile kinachoonekana kwenye orodha ya yule afisa.

Lakini pia asidhani vilivyobaki vyote viko mkononi mwake. Siku za malipo kwetu ni za idara ya fedha, na wao nao wanapimwa kwa kuchelewesha pesa kutoka. Nikikuahidi siku 30 bila kuwauliza, nimekudanganya bila kukusudia. Magari ni ya idara ya usambazaji. Muda wa saa 48 unatoka kwa watu wa mipango ya uzalishaji. Mwulize kwa upole kila kitu ni cha nani, kisha umwombe huyo mtu naye awepo kwenye kikao.

KatoniNaWino
Dada, nashukuru sana. Hiyo ya saa 48 naomba unifafanulie. Kwa nini wanaitaka hivyo wakati katoni wanazitumia zile zile kila wiki?

Stoo_Kuu
Woga tu, na woga wenyewe una sababu. Katoni ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye laini ya uzalishaji, lakini zikiisha laini nzima inasimama. Bidhaa iko tayari, haina pa kuingia. Mtu wa mipango akishapatwa na hilo mara moja, anaweka saa 48 kwenye kila mkataba maisha yake yote. Hataki saa 48. Anataka kuwa na uhakika kwamba akipungukiwa, kuna mzigo wa kukimbilia.

Mzani
Dada amekupa ufunguo, KatoniNaWino. Wewe ulikuwa unakwenda kumwambia "niongezee siku za kuandaa oda, niache ovataimu". Kwake hiyo ni hasara tupu. Sasa igeuze. Wewe tayari utakuwa na katoni zimelala stoo kwa sababu ya kuchapa kwa mkupuo. Ahidi kwamba hazitashuka kamwe chini ya 2,000, mzigo wa wiki nzima, na akipungukiwa anazipata siku hiyo hiyo. Yeye amepata kitu bora kuliko saa 48, na vijana wako wanalala.

Itakugharimu kiasi gani? Wastani wa stoo yako unapanda kutoka 3,000 hadi 5,000. Riba yake ni 6,750 kwa mwezi, kama 0.85 kwa katoni badala ya 0.5. Kwa hiyo akiba ya dharura inakugharimu 0.35 tu zaidi, na inakuokolea 1.2 ya ovataimu.

Malipo ya ahadi hiyo ni maandishi mawili kutoka kwake. La kwanza, oda ya wiki nne iliyosainiwa, inayosema 8,000 zitachukuliwa, hata kama kwa mafungu. "Tunatarajia" isikubaliwe, maana matarajio hayanunui karatasi. La pili, akibadilisha mchoro, zilizochapwa kwa ajili yake kwa mujibu wa oda hiyo, pamoja na zile 2,000 za akiba, anazilipia. Bila hilo la pili usichape hata moja ya ziada.

Mchoraji_Huru
Samahani kuingilia. Mimi si wa bidhaa, nachora nembo na vipeperushi. Wateja wangu nao bei haiendi popote, lakini sina lori wala stoo. Haya mambo kwangu yanaingia wapi? Mteja wa mwisho alinirudishia kazi mara tisa kwa bei ile ile.

Mzani
Kwako lori ni hizo mara tisa, ndugu. Bei ikigoma, sema kwa bei hiyo marekebisho ni mawili, yanakuja yote kwa pamoja kutoka kwa mtu mmoja, na nusu ya malipo inaingia kabla hujafungua kompyuta. Fungua uzi wako tuuchangie, maana kuna mengi huko na hapa tutamchanganya mwenzetu.

Kata_Shauri
Nimesoma yote. Naomba nirekebishe nilichosema mwanzo, nilikuwa sijaelewa kwamba 6 inaweza kurudi kwa njia nyingine. Lakini nina swali: kwa nini asianze na kuomba jambo moja, akikubaliwa aombe la pili? Ukimwaga yote mezani mtu anaogopa.

Mzani
Ukiomba moja moja, kila moja inajadiliwa peke yake, na kila moja peke yake inaonekana ni wewe unayeomba. Atakupa la bei nafuu kwake, kisha aseme "nimeshakusaidia". Na yeye akikuomba moja moja, utatoa akiba ya dharura leo, kesho utatoa kupakia mzigo, halafu siku za malipo zibaki 60.

Mimi naingia na matoleo mawili au matatu ambayo kwangu yana thamani inayokaribiana, nayasema yote kwa pamoja. Kwa mfano wa KatoniNaWino: la kwanza, 106 na kila kitu kibaki kama kilivyo. La pili, 100, oda ya wiki nne, gari lenu lije kuchukua, siku 30, na mimi naweka akiba ya 2,000. La tatu, bado 100, siku 60 zibaki, lakini mwanzoni mwa oda mnalipia karatasi. Halafu unanyamaza. Anachokiuliza maswali mengi ndicho kinachowezekana kwao, hata kama hajachagua.

Na lugha iwe ya sharti tangu neno la kwanza: "gari lenu likija kuchukua, nitaweza kubaki 100." Usiseme "naweza kubaki 100, ila ningeomba..." Kilichotangulia kutolewa hakirudi.

Stoo_Kuu
Kwenye la gari, uliza kama lori lao linarudi tupu kupitia upande wako. Malori yetu yanapeleka bidhaa asubuhi na yanarudi matupu mchana. Kumsimamisha dereva apakie katoni kulitugharimu muda wa saa moja tu. Kwa muuzaji ilikuwa safari nzima imefutika. Lakini kubalianeni nani anapakia na mzigo ukilowa njiani ni wa nani. Kwa wanaotumia vifupi vya Incoterms, unahama kutoka DAP, ambapo muuzaji ndiye anayefikisha mzigo kwa mnunuzi, kuja FCA: unapakia wewe kwenye gari lao, na ukishapakia, hatari ni yao. Watu wengi huandika EXW wakidhani ni hivyo hivyo, kumbe kwa EXW hata kupakia si kazi ya muuzaji, na foklifti ya muuzaji ikiangusha mzigo mnabaki mnabishana.

PesaMbele
Na zile hesabu zake za gharama, amwonyeshe mnunuzi hizo namba? Mimi ningemwekea daftari wazi, aone kila senti.

Mzani
Mimi sionyeshi. Ukimwonyesha kwamba ovataimu ilikuwa 1.2, mwakani atasema ovataimu haipo tena, shusha bei 1.2.

Stoo_Kuu
Mimi nasema onyesha, angalau sehemu. Nikiona kwa nini safari moja inagharimu 3,600, naweza kwenda kwa mkubwa wa usambazaji nikiwa na hoja. Muuzaji anayesema "niamini" ananiacha bila silaha ndani ya ofisi yangu mwenyewe. Hapo hatukubaliani na Mzani, na sidhani tutakubaliana.

KatoniNaWino
Wakuu, nimerudi. Kikao kilifanyika juzi. Niliomba mtu wa mipango awepo, na mtu wa fedha akaingia mwishoni. Ngoja niwape ilivyokuwa.

Nilisema matoleo matatu nikanyamaza. Afisa manunuzi hakusema kitu, ila mtu wa mipango aliegemea mbele kabisa niliposema akiba ya 2,000. Akaniuliza mara tatu kwa maneno tofauti: "hata siku ya mapumziko?" Nikamwambia hata siku hiyo, mlinzi atakuwa na funguo na orodha. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa anasukuma toleo la pili kuliko mimi.

Oda ya wiki nne wamekubali. Gari lao litapita kuchukua kila wiki likirudi, napakia mimi. Mchoro ukibadilika watalipia zilizochapwa, mwisho katoni 8,000. Siku 30 mtu wa fedha alikataa katakata, akafika 45. Nilimwonyesha hesabu ya safari tu, nyingine nikabaki nazo, kwa hiyo nimewasikiliza nyote wawili nusu nusu.

Hesabu sasa: kuchapa kwa mkupuo 1.5, ovataimu 1.2, usafiri 1.8, siku 15 za malipo 0.75. Jumla 5.25. Natoa 0.85 ya kulaza mzigo, inabaki 4.4. Ni kama nimeuza kwa 104.4 wakati kwenye orodha yao imeandikwa 100. Badala ya kubaki na 3 nabaki na 7.4.

Ile 1.6 iliyobaki niliomba kifungu kwamba karatasi ikipanda zaidi ya asilimia 5 kutoka leo, tunakaa tena kuhusu bei. Wamesema watanijibu.

Mzani
Hongera sana. Swali moja kabla hujasaini: siku 45 zinaanza kuhesabiwa lini?

KatoniNaWino
Tarehe ya ankara, nadhani. Imeandikwa "siku 45" tu.

Mzani
Usisaini bado. Ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwezi, ankara ya tarehe 2 inasubiri wiki nne kabla saa haijaanza kwenda, na 45 yako inapita hata 60 ya zamani. Pia uliza wanalipa mara ngapi kwa mwezi. Kama ni mara moja, inayokomaa siku moja baada ya malipo inalala mwezi mzima.

Stoo_Kuu
Na hakikisha 45 imeandikwa kwenye oda yenyewe ya manunuzi, si kwenye barua peke yake. Wahasibu wetu hawasomi barua, wanasoma kilicho kwenye mfumo. Kama jina lako kwenye mfumo bado lina 60, utalipwa 60 na hakuna atakayejua kwamba amekosea. Fuatilia ankara tatu za kwanza, uandike tarehe uliyopeleka na tarehe pesa ilipoingia.

KatoniNaWino
Nimempigia afisa manunuzi sasa hivi. Amesema inahesabiwa kuanzia siku ankara inapogongwa muhuri wa kupokelewa, na malipo yanatoka tarehe 10 na 25. Kuhusu mfumo hakuwa na uhakika, atamwuliza mhasibu kesho. Nimemwomba anitumie nakala ya oda ikishabadilishwa ndipo nisaini.

Gari lao la kwanza linapita Alhamisi. Dereva atakuwa na msaidizi mmoja tu, kwa hiyo natafuta mtu wa kuendesha foklifti mchana huo.